Elbo za Jikoni

Kuna watu ambao ukiwapa kiti ni kama umewapa kaa la moto. Mzee mmoja, tarishi mstaafu, alikuwa wa namna hiyo. Mtaa mzima ulimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, naye hakukasirika, maana jina halikumsingizia. Mkewe alikuwa akimtania: "Mtembezi hula miguu yake, na wewe utakula mpaka magoti." Enzi hizo lakini alikuwa na mahali pa kurudi. Alitoka, akazunguka, akarudi na habari za watu, akachekwa, akala, akalala.

Mkewe alipofariki, nyumba ilimgeuka. Akikaa sebuleni, masikio yanasikiliza jikoni. Akienda jikoni, hakuna mtu. Akijilaza mchana, usingizi hauji, anahesabu mbao za dari na kuinuka tena. Tuseme ukweli, mzee aliiogopa nyumba yake mwenyewe, ila mwanamume wa umri ule atamwambia nani jambo kama hilo? Akavaa kofia, akatoka. Lakini kutoka nako kunataka sababu. Huwezi kupita mbele ya duka la kinyozi asubuhi, adhuhuri na jioni bila watu kuanza kunong'ona kwamba mzee zimemruka.

Basi bomba la bafuni lilipopasuka, wenzake wangeona balaa, yeye aliona neema.

Binti yake, mtunza stoo wa shule, alikuwa amehamia pale baada ya msiba ili baba yake asibaki peke yake. Ndiye aliyemtafuta fundi. Fundi akazunguka nyumba nzima, akagonga kuta, akatikisa kichwa jinsi mafundi wanavyotikisa, kisha akaandika vitu vya kununua kadiri alivyovikuta, chumba baada ya chumba: bafuni hiki na hiki, jikoni hiki na hiki, chumba cha nyuma hivi. Kazi ya kununua akapewa Kiguu. Nani mwingine?

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa kubwa, lenye kaunta nne, na kila kaunta foleni yake: mabomba, umeme, rangi, vyuma. Ukiifuata orodha ya Fundi mstari kwa mstari, unapanga foleni ya mabomba, unahamia umeme, unarudi mabomba, unaenda rangi, halafu mstari unaofuata unakutupa mabomba tena. Siku ya kwanza Kiguu alisahau tepu ya kuzungushia nyuzi za bomba, na alisahau kweli, kwa nia safi. Akatumwa tena. Njiani akakutana na watu, wakamuuliza habari ya ujenzi, akawaeleza kwa kirefu. Aliporudi, kifua kilikuwa chepesi.

Siku ya pili alisahau koki. Hapo nia ilikuwa imeanza kuchafuka kidogo. Siku zilizofuata, acha tu. Dada wa kaunta ya mabomba akawa anamwona mlangoni na kucheka: "Mzee, leo umesahau nini?"

Aliyeacha kucheka ni Fundi. Ijumaa alifunga mkoba wake wa spana na kumwambia binti, "Dada, mimi siwezi kulipwa kwa kusubiri. Kesho vitu viwepo vyote. Visipokuwepo, Jumatatu niko kwa mtu mwingine, na mtaendelea kuogea ndoo."

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, binti alifuta meza, akaweka orodha ya Fundi ya vitu vilivyobaki upande mmoja na karatasi safi upande mwingine. Akapiga mistari kwa rula.

"Baba, kaa hapa. Leo unaenda mara moja tu."

Kiguu alikaa kwenye ncha ya kiti, mguu mmoja ukitikisika chini ya meza. Mara moja tu! Alisikia maneno yale kama hukumu.

"Fundi kaandika anavyotembea ndani ya nyumba," binti alisema. "Sisi tutaandika unavyotembea dukani. Kushoto naweka kitu na saizi yake. Kulia naweka idadi peke yake, ili jicho lisihangaike. Nakusomea, wewe niambie kaunta. Gundi ya bomba, kopo moja. Mabomba, si ndiyo?"

"Wale gundi zote wameziweka kwenye rangi."

"Hata ya bomba?"

"Hata ya bomba. Ukipanga foleni ya mabomba utaambiwa nenda kule."

Akaiandika chini ya Rangi. Waya wa mbili nukta tano, roli moja: Umeme. Soketi mbili: Umeme. Bawaba za inchi nne, jozi mbili: Vyuma, na kule kulia akaandika "jozi 2", si mbili tupu, maana alijua wauzaji. Misumari ya inchi tatu, kilo moja. Alikuwa na mwandiko wa stoo, kila tarakimu imesimama wima chini ya mwenzake. Kiguu akaisogelea karatasi, akakodoa.

"Mwanangu, msasa unataka wa nini?"

"Wa kusugulia ukuta kabla ya rangi. Si ndivyo Fundi alivyoandika? Msasa mia na ishirini, tano."

"Sasa mbona umeandika idadi mia na ishirini? Hiyo ni namba ya ukali wake. Tunachukua tano. Ukinituma nilete mia na ishirini tutasugua nyumba hii mpaka ubaki msingi!"

Binti akashika mdomo, kisha wakacheka wote wawili. Akafuta, akaandika "Msasa namba 120" kushoto, na tano kulia. Zilikuwa siku nyingi hawajacheka pamoja, na mzee aliona raha, akataka kikao kile kisiishe. Lakini kilikuwa kinakwisha. Kila mstari uliohamia karatasi safi ulikatwa kwenye ile ya zamani, na mistari iliyobaki ilikuwa michache.

Ndipo walipofika jikoni. Fundi, kwa haraka zake, alikuwa amebana vitu viwili kwenye mstari mmoja: koki ya ukutani moja na elbo nne za nusu inchi, vile viungo vya kona vya bomba. Binti akasoma koki, akaiandika chini ya Mabomba, idadi moja, akaukata mstari wote na kushuka. Elbo za bafuni, sita, alikuwa ameshaziandika juu. Zile nne za jikoni zilitakiwa kuongezwa pale, ziwe kumi, kwa kuwa saizi ni moja. Hazikuongezwa.

Kiguu aliona. Macho yake yalikuwa pale pale.

Alifungua mdomo. Kisha akawaza kesho, Jumapili, nyumba nzima, maji yanatiririka kila bomba, rangi mpya, na yeye kwenye kiti. Akaufunga.

"Tumekosa kitu?" binti aliuliza.

"Hamna. Iko sawa kabisa."

Dukani kazi ilikwenda upesi mpaka ikaudhi. Alianzia rangi, akamaliza. Umeme, akamaliza. Vyuma, akamaliza. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kusukumana, kidole kinashuka tu kwenye safu ya kulia. Kwenye mabomba, dada yule alimchungulia karatasi.

"Eh, leo umekuja na mpango, Mzee! Elbo za nusu ngapi?"

Kidole kilikuwa kwenye sita. Angeweza kusema kumi, na hakuna ambaye angekufa.

"Sita," alisema.

Bafuni paliisha kabla ya adhuhuri. Maji yalitoka, yakapiga sakafu, Fundi akapiga mluzi. Kiguu alizunguka ua, akaokota kipande cha mbao, akakiweka, akakiokota tena. Alijua kinachokuja, na kwa mara ya kwanza hakukingoja kwa hamu.

"Dada!" Fundi aliita kutoka jikoni. "Elbo za huku ziko wapi?"

Binti alikwenda na karatasi zake mbili. Kiguu alibaki mlangoni. Alimwona akipitisha kidole juu, akishuka, akihamia karatasi ya zamani, akisimama kwenye mstari ule uliokatwa.

"Nimeziruka," alisema. "Zilikuwa hapa hapa, mimi nikaziruka."

"Aa, jamani." Fundi akaweka spana chini. "Mimi nilisema leo."

Mzee alitarajia binti ahamaki, alaumu mwandiko wa Fundi, atafute njia ya kutokea. Binti hakufanya hivyo. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kutazama karatasi yake nzuri yenye mistari ya rula.

"Kichwa changu kimeharibika," alisema taratibu. "Tangu Mama aondoke nakosea kila kitu. Juzi nimepeleka chaki jikoni na sabuni madarasani. Mwalimu mkuu ameniita. Nikajiambia, nitaanza na jambo dogo, orodha tu ya nyumbani, niifanye sawasawa, nione kama bado ninaweza." Machozi yakamshuka na hakuyafuta. "Siwezi, Baba. Hata hii siwezi."

Kiguu alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi yake yeye yalikuwa yamemuumiza mtu mwingine kabla yake, tena mtoto wake, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama akitazama.

"Hukukosea peke yako," alisema. "Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona ukizikata. Nikanyamaza. Na dukani niliulizwa ngapi, nikasema sita, na nilijua ni kumi."

Fundi aligeukia ukuta na kuanza kulikagua bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Kwa nini?" Sauti ya binti ilipanda. "Nimekaa hapa najiona chizi, na wewe ulijua? Baba, kwa nini?"

"Nikimaliza kununua, nitaenda wapi?"

Alikusudia kusema zaidi, kwamba kiti cha sebuleni kinamkaba, kwamba akiwa ndani anamsubiri mtu asiyekuja, kwamba barabarani angalau hakuna kona aliyozoea kumkuta mkewe. Badala yake alivua kofia. Alisimama na kofia mkononi kama siku zile alipopeleka barua kwa wakubwa.

Binti alimtazama. Hasira haikuwa imetoka, ilikuwa bado usoni.

"Unadhani wewe ndiye peke yako?" alisema. "Unadhani nahamisha vyombo kabati hadi kabati kwa sababu napenda? Siwezi kukaa, Baba. Nikikaa nalia. Ungesema. Ungeniambia tu, 'mwanangu, nyumba hii inanishinda,' na mimi ningekwambia, 'na mimi pia.'"

Fundi akakohoa.

"Duka linafungwa saa tisa leo," alisema, uso bado ukutani. "Mimi nitakunywa chai kidogo hapo nje. Nikimaliza kikombe hamjarudi, nitaongeza kingine."

Binti aliinuka, akapangusa uso kwa mkono wa gauni, akachukua kalamu. Kwenye safu ya kulia aliikata sita, akaandika kumi pembeni yake. Alitafuta viatu vyake.

"Twende," alisema.

"Elbo nne tu, nitazileta mwenyewe."

"Nimesema twende."

Walitoka getini, yeye mbele kwa hatua za hasira, baba nyuma, kisha wakalingana. Njia ya dukani ilikuwa kulia. Binti alikata kushoto, kwenye njia ndefu ya kuzunguka, na mzee hakumuuliza.