Nta kwenye Koti la Didace

Kaka yangu Didace ni mbishi, na mimi Prisila, dada yake wa tumbo moja, sioni haya kulisema. Nikimsimulia mkewe, wifi yangu Odeta, mjue niko upande gani.

Msimu uliotangulia Didace alirudi kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki katika msitu wa Ugalla ameloa chapachapa, akashikwa kichomi, tukakaribia kumzika. Mganga wa zahanati alimwambia Odeta bila kuficha kwamba kifua kile kikiloa tena, asitarajie miujiza. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua hazikatiki, na asali ilikuwa tayari. Odeta hakuwa na raha hata ya kula.

Koti la mvua la Didace lilikuwa la mitumba, la pamba nzito iliyopakwa nta kiwandani, lakini mabegani nta ilikwisha. Odeta akalifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisha akalipaka nta likiwa bado bichi. Alipolimwagia maji, yakazama kama kwenye mchanga. Akakaa chini akalia. Sisi watu wa nyuki tunadhani nta ni nta tu, popote utakapoipaka itashika.

Getrude, fundi cherehani, alilishika akatikisa kichwa.

"Dada Odeta, umeondoa hata ile nta iliyobaki. Na sabuni iko humu bado, ndiyo inayovuta maji. Nta nayo haiingii kwenye kitambaa kibichi."

Tukaanza upya. Tukakwangua ile nta iliyoganda juu, tukalisuuza kwa maji baridi hadi povu likaisha, tukalisugua kwa brashi, tukalianika mpaka mishono ikakauka. Odeta akachuja nta, akaiweka na mafuta kidogo kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana nta ikikaa juu ya moto inawaka. Akaipaka kwa kitambaa, akikandamiza mabegani na kwenye mishono, kisha nikapitisha pasi ya mkaa isiyo kali juu ya shuka kuukuu tuliyoitandika juu ya koti, nta ikazama ndani ya kitambaa. Likapoa kwenye kamba hadi kesho yake. Tulipolimwagia maji, yalijikusanya matone matone, yakateleza chini. Odeta alicheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze.

"Baba Silvesta, usilivue," alimwambia mumewe alipokuwa akiondoka kwenda kurina asali.

"Nilivue kwani mimi mwehu?"

Mvua kubwa ikampata njiani akirudi. Alipoingia uani, shati limemganda mwilini na meno yanagongana. Koti lilikuwa limefunikwa juu ya ndoo za asali kwenye baiskeli, limefungwa kwa mpira.

"Mama Silvesta, umeweza," alisema, na uso wake uling'aa kwa furaha. "Halijaingia hata tone. Asali ikiingia maji si inachacha?"

Odeta akafungua mpira, akageuza koti akalipapasa ndani. Lilikuwa kavu kabisa. Hapo ndipo Didace alipoanza kukohoa.