Pini Mgongoni mwa Hilda

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Wegesa Magesa alitimiza miaka thelathini na mbili. Siku hiyo alikuwa Bunda, amepiga magoti nyuma ya rafiki yake Hilda, pini sita mdomoni, akilibana gauni la harusi alilolishona mwenyewe. Hilda alikuwa amekonda kwa mawazo. Alikuwa hasemezani na mchumba wake tangu juzi. Alilia, akapakwa poda upya, akatoka kwenda kupigwa picha.

Wegesa aliyajua hayo yote. Lakini picha ilipowekwa mtandaoni, hakuona pini. Aliona mwanamke anayecheka na mkono wa mwanamume kiunoni. Akawa anaitazama kwenye duka lake la ushonaji huko Nyakato, cherehani imesimama. Upande mmoja wa mizani ya moyoni aliweka picha ile. Upande wa pili maisha yake yote, pamoja na sufuria zisizooshwa.

Ikawa mazoea. Alifungua simu kumjibu mteja, akaishia kwenye status: huyu yuko fungate Zanzibar, yule ana mtoto mchanga. Aliweka picha yake, akaangalia ni wangapi wameiona, akaifuta. Alizificha status za marafiki, kisha akawa anazifuata kule kule alikozificha.

Agosti, Naomi, wa mwisho kuolewa kati ya marafiki wanne aliosoma nao, akatangaza send-off, sherehe ya kuagwa kwao Butiama. Alitaka Wegesa amshonee gauni na amvalishe. Kwenye kikundi cha kamati mtu akaandika: "Wegesa angefaa kuwa matroni, ila matroni lazima awe na ndoa. Tumpange na mabinti." Vikafuata vikatuni vya kucheka.

Jumatano Hilda alikuja dukani na sketi.

"Shoga, nipunguzie kiuno."

"Mke wa mtu, unakondaje na ndoa tamu hivyo?"

"Tamu ya wapi? Mume alirudi machimboni siku ya nne. Nakaaga na mama mkwe, tunaangaliana tu kama kuku na mwewe."

"Na ile picha ya kucheka?"

"Ile? Hata mimi nikiitazama naonaga wivu."

Walicheka hadi jirani wa saluni akachungulia. Hilda alipoondoka, Wegesa alishona kwa moyo mwepesi karibu saa nzima. Kisha simu ikatoa mlio mfupi. Naomi alikuwa ameweka picha ya pete: "Siku tatu tu." Akaikuza kwa vidole viwili, akaipima na maisha yake vile vile. Alijua kila picha ina pini zake. Kujua hakukumsaidia.

Akamwandikia Naomi: "Shoga, malaria imenilaza. Sitaweza kuja."

Jibu halikuchelewa: "Ugua pole jamani. Usijali, utaona kwenye picha."

Alilisoma mara nne, akaiweka simu kifudifudi.

Gauni limepelekwa Butiama kwa gari la asubuhi, na pini kumi na mbili kwenye karatasi. Jumamosi Naomi atavalishwa na mtu mwingine. Wegesa atafungua duka saa mbili, kama kawaida.