Hesabu ya Ng'ombe

Mambo ya uzazi nilijifunzia kwenye zizi letu, na kwa sababu naogopa sana kukosea, niliyashika yote. Ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi, yaani anataka dume, anapandishwa jioni. Ukiona damu mkiani siku moja au mbili baadaye, umechelewa, yai limeshapita. Basi nikajiamulia, mtu mzima wa miaka ishirini na minne: hatari iko karibu na damu. Katikati ya mwezi, mbali na damu pande zote, hakuna neno.

Jumapili moja mpenzi wangu, anayefanya kazi kiwanda cha chai, aligundua hana kondomu. Nilimtuliza kama mtaalamu.

"Leo ni siku ya kumi na nne. Hakuna siku salama kuliko hii."

"Umesoma wapi?"

"Najua tu."

Kesho yake daktari wa ng'ombe alikuja kwetu na mtungi wake wa mbegu. Mimi nilishika ng'ombe kichwa. Yeye mkono ulikuwa umezama nyuma hadi kiwiko. Nilitaka tu kuhakikisha.

"Daktari, ile sheria ya damu inafanya kazi hata kwa mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Wewe msichana! Mwanamke ni kinyume. Yai linatoka kwanza, damu inakuja kama wiki mbili baadaye. Huyo mtu alilala na mwanamume lini?"

"Jana. Siku ya kumi na nne."

"Woi," akasema, mkono ungali ndani. "Kimbia dispensari."

Nesi alicheka mpaka akaketi. Halafu akapangusa macho.

"Dada, sikiza. Yai linaishi siku moja tu, lakini mbegu ya mwanamume inaweza kulingoja siku tano. Kwa hivyo hatari ni hizo siku tano kabla ya yai na siku yenyewe. Mbaya zaidi ni zile mbili za mwisho kabla halijatoka. Likishapita, karibu hakuna."

"Kwa hivyo nimeshika mimba?"

"Hata siku mbaya kabisa, mara nyingi haishiki. Na yai lako hujui lilitoka lini. Si kila mwanamke ni siku ya kumi na nne."

"Nataka jibu kamili."

"Hilo ndilo kamili."

Akanipa vidonge vya dharura. Vinachelewesha yai, alisema. Kama limeshatoka, havisaidii. Nisipoona damu ndani ya wiki tatu, nirudi kupimwa.

Nilikonda. Mpenzi wangu alipiga simu kila jioni kuuliza kama najua kitu kingine chochote.

Karibu wiki tatu baadaye daktari wa ng'ombe alipita kwa jirani, akatusalimia kwenye ua. Nilikuwa nimetoka chooni wakati huo huo, nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Alinitazama, kisha akamtazama mama aliyekuwa akikamua.

"Vipi?" akaniuliza, sauti ya kikazi.

"Hakushika," nikasema.

Mama akaacha kukamua. "Aki pole," akasema kwa uchungu. "Na ile mbegu ilikuwa nzuri."