Neno Lililoandikwa Chini ya Mabakuli ya Mwahija

Mwahija binti Hamadi alizaliwa Tabora, akaolewa Tabora, akafia hapa Shinyanga, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwa na cheo, hakwenda Maka, mtoto hakujaliwa. Lakini jambo la mabakuli yake watu wamelipotosha, na mwingine ananitaja mimi kwamba ndiye niliyesoma vibaya. Mimi Chausiku. Sikusoma vibaya. Herufi zilikuwa ndizo hizo nilizozitamka, nisikilizeni mpaka mwisho.

Mabakuli yalikuwa sita. Meupe, mazito kidogo, yana maua mekundu pembeni na ukingo wa rangi ya dhahabu. Alipewa na mama yake siku ya harusi, mwaka mmoja kabla ya vita vya Mjerumani. Wakati ule reli haijafika huku, basi yeye na mumewe Abdu walikuja kwa miguu, na mabakuli alikuja nayo ndani ya kapu, yamefungwa kanga, akamkataza mpagazi kulishika. Sita yote yalifika mazima. Alikuwa akilisimulia hilo kama mtu aliyevuka bahari.

Aliyapanga ukutani juu ya kibao. Hakuna harusi ya mjini iliyopita bila mabakuli ya Mwahija kwenda kumpakulia bwana harusi pilau. Mtu akija kuyaazima anakalishwa kwanza, anaulizwa nani atayaosha, kwa maji gani, na kama nyumba ile ina paka. Mimi mwenyewe, jirani yake, niliwahi kunyimwa kwa sababu ya paka.

Abdu alifariki mwaka ule watu walipokuwa wanakimbilia Geita kuchimba dhahabu. Mdogo wake, Hatibu, alikuwa hukohuko kwenye mashimo. Akarudi na vumbi lake, akamaliza matanga, akangoja eda iishe, kisha akamwita sheikh aje agawe mirathi.

Vitu vilikuwa vichache. Kitanda, cherehani, saa ya ukutani, ngozi za biashara. Vikagawika. Walipofika kwenye mabakuli Hatibu akasema, "Haya nayo ni ya marehemu."

Mwahija akacheka. "Shemeji, hata kijiko chake ungesema nikakuachia. Haya ni ya mama yangu."

"Nyumba ya kaka yangu, ukuta wa kaka yangu, bakuli la mama yako?"

"Na mimi nilikuwa wa nani humo ndani? Wa ukuta?"

Sheikh alikuwa mtu mpole, anakohoa kabla ya kusema. Akakohoa, akamuuliza Hatibu kama ana shahidi kwamba marehemu aliyanunua. Hana. Akamwambia Mwahija aape. Mwahija akanawa, akaapa kwa jina la Mungu kwamba mabakuli yale, yote sita, yalitoka Tabora ndani ya kapu lake. Sheikh akasema basi, ni yake.

Yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwepo, na herufi nazijua. Nilijifunza kwa marehemu mume wangu aliyekuwa anapanga magunia stesheni, kila gunia na maandishi yake. Nikaona Hatibu bado amenuna, nikasema nimkate kauli kabisa kwa maandishi ya chini. Nikalipindua bakuli la kwanza. Chini kuna taji dogo la kijani, na chini ya taji kuna neno. Nikasoma kwa sauti, A-U-S-T-R-I-A.

"Austiria," nikasema.

"Ndiyo nini?" akauliza Hatibu.

"Ndiyo jina lake." Sikujua ni nini. Nikapindua la pili, Austiria. La tatu, Austiria. La nne taji lilelile, lakini maneno yameongezeka. Nikasoma la mwanzo, "Ma-de." Likafuatiwa na jingine, "In." Nikayaunga kama yalivyokaa. "Madein."

Hatibu akasimama. "Umesema madini?"

"Limeandikwa hivyo."

"Endelea!"

Lililofuata sikuliweza. C na Z zimekaa bega kwa bega bila kitu katikati, mdomo haupiti. Lakini la tano na la sita yalikuwa vilevile, madein, kisha ile C na Z. Nikasema kweli: matatu yameandikwa madini, matatu hayana.

Mtu aliyetoka Geita ukimwambia madini umemmaliza. Hatibu alichukua lile la nne akalipeleka mlangoni penye jua, akakwaruza ukingo kwa kucha, akanusa. "Dhahabu hii! Kaka alikuwa anaficha dhahabu kwenye vyombo!"

"Weka bakuli la mama yangu chini," Mwahija akasema.

"Mama yako alipata wapi madini?"

"Na wewe umeyapata wapi, mwaka mzima shimoni umerudi na kikohozi?"

Sheikh akanyanyua mkono. Hakuwa na habari ya dhahabu, lakini jambo moja lilikuwa limemshika. Akamwambia Mwahija, "Binti, umeapa ni ya kapu moja. Mbona maandishi yake ni mawili?"

Mwahija akanitazama mimi, kana kwamba nimeyaandika. Miaka yote ile alikuwa akiyaosha kwa mikono yake na chini aliona taji tu, taji la kijani, sita sawa. Akasema, "Maua ni yaleyale. Taji ni lilelile." Akarudia mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo.

Tukayafunga kanga tukaenda nayo sokoni, sote, kwa Bwana Kanji, Mhindi aliyekuwa anauza vyombo na kusoma Kiingereza. Kiapo cha Mwahija kilikuwa mashakani, na mabakuli pia, na njia nzima hakuna aliyesema neno isipokuwa Hatibu aliyekuwa anatuambia tutembee taratibu na mali.

Bwana Kanji akavaa miwani. Akasoma, akacheka mpaka akaivua. "Meidi in," akasema. "Si madini. Maana yake, limetengenezwa. Limetengenezwa huko na huko. Hata kikombe hiki cha Japani kimeandikwa hivyo, angalia. Na hii dhahabu imepakwa kwa brashi, ukiilamba mwaka mzima hupati pete ya kuku."

Hatibu akakaa juu ya gunia. Mimi nikasema kwamba herufi ni M, A, D, E, na mtu yeyote akizitamka kwa haki anapata nilichopata mimi. Bwana Kanji akasema ni kweli, ila Mwingereza hatamki kwa haki. Hilo nililipokea.

"Sasa hizo C na Z?" sheikh akauliza.

"Chekoslovakia. Jina la nchi."

"Na Austiria?"

"Nchi pia."

"Basi ni viwanda viwili."

"Hapana, kiwanda kimoja. Taji moja, maua yaleyale. Kiwanda hakikutoka mahali pake."

Tukatazamana. Mwahija akasema, "Bwana Kanji, nimefiwa, usinichezee. Kiwanda kimekaa, nchi ndiyo imehama?"

"Ndivyo hasa, mama. Zamani pale palikuwa chini ya mfalme wa Austiria. Mfalme wake na Mjerumani walikuwa upande mmoja vitani, wakashindwa. Ufalme ukakatwa vipande, kipande kile kikaitwa Chekoslovakia. Masanduku niliyopokea kabla ya vita yaliandikwa Austiria. Yaliyokuja baada ya vita yameandikwa hivi. Jina hili kabla ya vita halikuwepo duniani, hata mwenyewe mfalme asingeliandika."

Mimi mpaka leo nimejaribu kulielewa hilo na halinikai. Lakini sheikh alilielewa upesi, nikamwona uso umebadilika. Harusi ilikuwa kabla ya vita. Kwa hiyo matatu yalikuwa ya kapuni, na matatu hayangeweza kuwa ya kapuni.

Hatibu naye akaamka. "Ameapa uongo! Matatu ni ya kaka!"

Mwahija alikuwa anayapanga na kuyapangua juu ya meza ya duka, hili huku, lile kule, kama anayetafuta mtoto wake kati ya mapacha. "Niliyahesabu," akasema. "Tabora niliyahesabu, na hapa nikayahesabu. Sita."

Kwenye baraza la duka lile alikuwa anakaa Fundi Maulidi, Msukuma aliyesilimu, kazi yake kuunga vyombo vilivyopasuka. Anatoboa vitundu pande mbili za ufa kwa keke, anapitisha waya mfupi kama mshono, bakuli linashika maji tena. Alikuwa amesikia yote. Akaweka keke chini.

"Mayu," akamwambia Mwahija, maana kwao mayu ni mama, "marehemu aliniapisha nisikwambie. Sasa amekufa, na wewe unaitwa mwongo. Sijui kiapo kipi kina nguvu."

"Sema," sheikh akamwambia.

"Mwaka ule ulipokwenda Tabora kumzika mama yako, Abdu alikuwa anapigilia msumari wa saa. Saa ikaponyoka, ikaangukia kibao. Akaniletea matatu ndani ya kanzu, vipande kama punje za mahindi. Nikamwambia hivi haviungiki. Akakaa hapo alipokaa Hatibu, akalia. Ndipo nikapindua kipande chenye taji, nikaingia nacho kwa Bwana Kanji, nikamwambia nitafutie taji hili. Akawa nayo, yamekuja na treni. Neno la chini hatukuliangalia. Mimi sisomi, na Abdu alikuwa anatazama maua tu."

Bwana Kanji akafikiri, akasema kweli, aliwahi kumuuzia Abdu mabakuli matatu, akashangaa mtu ananunua matatu badala ya sita.

Sheikh akakohoa. "Mtu akivunja chombo cha mwenzake akamletea kingine mahali pake, kile ni cha mwenye chombo. Matatu ya mama yake, matatu ya fidia. Yote sita ni ya Mwahija. Na kiapo chake ameapa alichokijua, hana dhambi."

Hatibu akaondoka bila kuaga. Siku ya pili alikuwa njiani kurudi Geita.

Nikadhani shoga yangu atafurahi. Hakufurahi. Aliyabeba mabakuli nyumbani kama mtu aliyebebeshwa ya mwingine. Akasema sheikh amemsamehe yeye, lakini ulimi wake ulitamka yote sita na Mungu alisikia sita. Akafunga siku tatu. Nikamwambia haikupasi kufunga, sheikh amesema. Akaniambia sheikh hakuapa yeye.

Siku hizo tatu alikuwa akizunguka ndani hajui amkasirikie nani. Mara Maulidi, kwa kunyamaza. Mara Maulidi, kwa kusema. Mara mimi na herufi zangu. Akimfikia Abdu anaishia katikati ya maneno.

Siku ya tatu magharibi nikampelekea uji. Akasema, "Nimiminie kwenye la Abdu."

"Lipi?"

"Wewe si ndiye msomaji? Nitafutie."

Nikapindua mpaka nikaipata ile C na Z. Nikamimina. Alilishika kwa mikono miwili, hakunywa kwanza.

"Niliporudi kutoka msibani," akasema, "nilimsifu. Nilimwambia, mama amekufa, lakini mume wangu umenitunzia vyombo vyake, hata kimoja hakina ufa. Akatoka nje. Nikamuuliza unakwenda wapi, akasema namwangalia mbuzi."

Akanywa kidogo.

"Chausiku, sisi hatukuwa na mbuzi."