Soksi za Kwaya

Mama mmoja alifika studio yetu ya picha hapa Igoma asubuhi, ametoka Sengerema kwa kivuko, na mfuko wake wa plastiki ameubana kwapani. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia yote aliyokuwa nayo.

Alinionyesha picha kwenye simu. Binti yake amekaa juu ya jiwe kando ya ziwa, kavaa sare mpya ya kwaya, viatu kaviweka pembeni, miguu mitupu. Binti huyo alikuwa amefariki. Misa ya kumbukumbu ilikuwa inakaribia, na mama alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Sare ile ilikuwa na soksi ndefu za kike, nyeusi, laini, zile zinazoonyesha ngozi kwa ndani. Mama alikuwa amemnunulia, lakini binti aliugua kabla hajazivaa hata mara moja. Sasa alitaka nimvalishe kwenye picha.

Nikamwambia ni kazi ndogo. Mimi nina mdomo mwepesi wa namna hiyo. Niliihamishia picha kwenye kompyuta, nikapaka alama kwenye miguu, nikaiandikia programu ya kompyuta inayojichorea yenyewe kwamba iweke soksi nyeusi, nikaegemea kiti. Nikamgeuzia skrini.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa upole uliozidi kuniumiza, "Huyu si wangu, mwanangu."

Nilikasirika, kwa sababu hasira ndiyo inayonijia kwanza siku zote. Lakini nilipotazama upya niliona anachokisema. Weusi ulikuwa sawasawa kila mahali, kama mtu aliyekanyaga lami hadi magotini. Nyayo zilikuwa zimelainishwa zikawa kama miiko, hazina vidole. Na kovu lililokuwa kwenye ugoko, alilolipata shambani akiwa mdogo, programu ilikuwa imelifuta bila kuulizwa. Mama alinionyesha kwa kidole mahali lilipokuwa. Alisema kidonda alikifunga yeye mwenyewe kwa kipande cha kitenge siku ile.

Nilifuta kila kitu nikarudi kwenye picha ya awali. Safari hii miguu yake niliiacha chini kama ilivyo, juu yake nikaweka tabaka la rangi nyeusi hafifu, linalotia giza ngozi bila kuifunika. Soksi ya namna hiyo hupauka mbele ya ugoko na juu ya goti, pale inapovutika na kukuelekea. Pembeni, mguu unapozunguka, huwa nyeusi zaidi. Nilipunguza weusi katikati, nikauongeza kingoni, nikatia mikunjo midogo kwenye kifundo. Kovu likaonekana kwa ndani, kwa mbali. Mama akavuta pumzi.

Zikabaki nyayo, na hapo nilikwama. Soksi haiingii katikati ya vidole; hupita juu yake, ikaviacha vikijitokeza kidogo tu, na mbele kitambaa huwa kizito. Kwa binti huyu kidole cha pili kilikizidi kidole gumba, na sikujua kitambaa kingelala vipi hapo. Ningesema nibuni, ningerudi kulekule kwenye miiko.

Nilimwambia mama ukweli, kwamba nahitaji kuona mguu wa kweli ndani ya soksi. Aliinama akavua kandambili, na nikaona kidole chake cha pili kimekizidi kidole gumba. Kisha akafungua ule mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na pakiti ya zile soksi, haijafunguliwa. Aliichana taratibu, akaenda nyuma ya pazia la kupigia picha za pasipoti, akarudi amezivaa.

Nilimweka kitini kama binti alivyokaa, mwanga ukitoka upande uleule. Akaitazama miguu yake.

"Nilimnunulia yeye," alisema. "Zimenienea mimi."

Nilipiga picha huku macho yamejaa machozi, wala sikujisumbua kuyaficha. Nikakaa kwenye kompyuta nikafuatisha: mshono unaokatiza juu ya vidole, uzito wa kitambaa pale mbele, kile kidole cha pili kikisukuma kidogo. Mama alikaa pembeni yangu, hajazivua, mikono mapajani.

Nilipomaliza sikumwita. Alikuwa ameshaona. Alisogea karibu na skrini hadi nikasikia pumzi zake, akapitisha kidole hewani juu ya mguu wa binti yake, kuanzia goti hadi unyayoni. Nilingoja anikosoe. Kwa kweli nilitamani anikosoe, ili kazi isiishe.

"Ile ya kwanza niliikataa," alisema, "kwa sababu hakuwa yeye. Hii ni yeye. Sina pa kuikatalia, wala pa kukatalia kwamba ameondoka."