Punda Aliyepiga Hodi Kisauni

Chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa kiliniita kwa sababu ya ukuta. Ukuta wa kituo cha kupokea maziwa, huko Kisauni, ulikuwa umejaa matangazo: osheni vyombo, msichanganye maziwa ya jioni na ya asubuhi, msilete maziwa ya ng'ombe aliyedungwa sindano. Asubuhi niliyofika, madumu matatu ya maziwa yaliyokataliwa yalikuwa yamesimama chini ya tangazo lililoyakataza.

Mwenyekiti, mama mtu mzima wa pale pale Kisauni, alinieleza anachotaka. Alitaka mnyama anayesema. Ujumbe wa sauti wa kama dakika moja, utumwe kila Jumamosi kwenye simu za wanachama, na upigwe kwa kipaza sauti kituoni watu wakiwa kwenye foleni.

"Mtu nikimwambia mimi, atanuna," alisema. "Akiambiwa na mnyama atacheka, halafu ataenda kuosha dumu lake."

Nilikubali kabla hajamaliza. Mama yangu alikuwa mkusanyaji maziwa wa chama hicho hicho. Kila asubuhi alitoka kwetu Frere Town na mkokoteni wa punda, akapita lango kwa lango mpaka mitungi ijae. Alifariki mwaka juzi. Mimi nimefanya kazi ya redio miaka mingi. Nimerekodi wanasiasa, makuli wa bandarini na mahujaji waliorudi salama. Mama yangu sikumrekodi hata siku moja. Nilidhani sauti yake ni kitu kisichokwisha, kama maji ya kisima cha nyumbani.

Kwa hiyo nilipoketi kuandika, nilijua ninachokitafuta, ingawa kwenye karatasi ya chama sikukiandika.

Kamati ilitaka ng'ombe. Nikawaambia ng'ombe ana mwenyewe. Akisema, watu watauliza ni wa nani. Punda hana upande. Anapita kila lango, anamjua kila mfugaji, wala yeye hatoi maziwa ya kuuza. Mjumbe mmoja mwenye ng'ombe wawili alisimama.

"Kwa hivyo sisi ndio tumekuwa wa kufundishwa na punda?"

"Wewe tulia," mwenyekiti akamjibu. "Punda hufika kituoni saa kumi na mbili unusu. Wewe wallahi hujawahi."

Watu wakacheka, na punda akapita.

Kisha niliandika maelezo ya tabia yake. Mnyama wa namna hii asipokuwa na tabia moja inayojulikana, kila anayemwandikia atamfanya mtu mwingine, na wasikilizaji watamkimbia. Niliandika hivi: ni punda jike, mtu mzima, mchovu wa miguu lakini si wa moyo. Hana haraka. Anapenda maganda ya ndizi na habari za watu, ila habari hizo hazitoi nje. Hamtaji mtu kwa jina na hamwaibishi aliyekataliwa maziwa. Anajicheka yeye kwanza. Anaogopa tingatinga na madimbwi. Hasemi "lazima." Akitaka kukukataza jambo, husema, "Mimi ningekuwa wewe." Kila ujumbe una jambo moja tu la kufanya, na jambo hilo hutajwa mara mbili. Mwisho wake ni ule ule kila mara: "Haya, mkokoteni unaniita."

Na kabla ya yote, anapiga hodi. Akishapiga, ananyamaza sekunde nne.

Hili lilikuwa la mama. Hakuingia kwa mtu kabla ya kuitikiwa, hata kama alikuwa amechelewa na jua limeanza kuyachemsha maziwa mgongoni mwa mkokoteni. Hata nyumbani kwake mwenyewe alipiga hodi akasimama. Baba, akiwa jikoni au kitandani, alimjibu, "Karibu mwenyewe." Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo watu wote waliooana wanavyoingia ndani.

Mwenyekiti alisoma karatasi akaweka kidole palepale.

"Sekunde nne za kimya? Mtu atadhani simu imekufa."

"Ni za kuitikia, mama."

"Nani ataitikia simu, mwanangu?" Akawaza. "Haya. Jumamosi tutaijaribu kituoni. Wasipoitikia, kimya kinatoka, na tunamchukua yule mtangazaji kijana wa kule Miritini, mwenye muziki wake."

Nikaandika hati tatu za kwanza. Niliziandika kwa kuzisema, nikipima muda kwa saa, na kila sentensi iliyonikata pumzi niliigawa mara mbili.

Ya kwanza ilihusu vyombo:

"Hodi! (Kimya, sekunde nne.) Ahsante. Sikai, nimepita tu. Jirani, lile dumu la plastiki lilikuwa la mafuta ya kupikia, si ndiyo? Shingo yake nyembamba, mkono hauingii. Mimi nina mdomo mrefu, na wangu pia hauingii, nimejaribu. Mkono usipoingia, uchafu hautoki. Mimi ningekuwa wewe, ningechukua mtungi wa alumini wenye mdomo mpana. Kwanza maji baridi, kutoa maziwa. Kisha maji moto na sabuni, usugue mpaka kwenye pembe. Suuza, uuinamishe juani ukauke. Mdomo mpana, mkono uingie. Haya, mkokoteni unaniita."

Ya pili ilihusu ng'ombe aliyedungwa sindano, na hapa kalamu ilikwenda yenyewe, maana nilimsikia mama waziwazi. Wafugaji walipomwambia kwamba ng'ombe ametibiwa kiwele, aliwahurumia. Aliwaambia wasiyalete kituoni maziwa hayo, lakini wasiyamwage. Wayagandishe mtindi wale nyumbani. Nikaandika vivyo hivyo, na maneno yake yale yale: "Mtindi haukosi mlaji."

Nikampelekea afisa wa mifugo, kijana wa bara anayeishi Changamwe. Aliisoma akiwa amesimama kando ya pikipiki yake, akatoa kalamu nyekundu.

"Hii hapana, madam. Hii itoke yote."

"Ndivyo walivyokuwa wakifanya."

"Najua. Bado wanafanya. Dawa haitoki kwa kuchemsha wala kwa kugandisha. Na tena hayo maziwa hayagandi vizuri, kwa sababu dawa inaua vile vijidudu vya kugandisha. Nani alikuwa anawaambia hivi?"

Nilikumbuka buyu la nyumbani la kugandishia, mwaka mmoja, maziwa yaliyokaa siku tatu bila kuganda. Mama alililaumu buyu. Alilifukiza kwa kijinga cha moto, akalisugua, akajaribu tena, hayakuganda. Akasema buyu limezeeka, akawapa kuku walinywee maji. Buyu halikuwa na kosa.

Nilikaa na hati ile siku mbili. Kama ningeacha maneno yake, punda angekuwa yeye, na angewadhuru watu aliowapenda. Kama ningeyatoa, angekuwa nani? Mwishowe niliiandika upya:

"Hodi! (Kimya, sekunde nne.) Ahsante. Nimesikia mgonjwa wako amepata sindano. Pole yake, mimi sindano nikiiona tu napiga teke. Jirani, maziwa yake usiyapeleke kituoni, wala watoto usiwape. Ukiyachemsha, dawa imo. Ukiyagandisha, dawa imo. Zamani mimi mwenyewe nilisema yawe mtindi. Nilikosea, na buyu nililisingizia. Mimi ningekuwa wewe, ningemuuliza daktari: ni siku ngapi? Ningeziandika kwa makaa ukutani, na maziwa yake ningeyamwaga mpaka siku hizo ziishe. Muulize siku, uziandike. Haya, mkokoteni unaniita."

Afisa alirudisha karatasi bila wekundu wowote. Alisema ile sehemu ya kukosea ndiyo nzuri zaidi.

Ya tatu ilihusu maji, na ilikuwa ngumu kwa sababu kutia maji ni wizi, na punda hamwiti mtu mwizi:

"Hodi! (Kimya, sekunde nne.) Ahsante. Jana nilinyeshewa njia nzima, mkokoteni umelowa, mimi nimelowa. Maziwa hayakulowa, yana mfuniko. Jirani, kile kijiti cha kioo cha kituoni kinachoelea, kikizama kupita kiasi kinasema kuna maji. Lakini maziwa yenye joto la ng'ombe nayo hukizamisha, ukapata aibu isiyo yako. Mimi ningekuwa wewe, ningeweka mtungi ndani ya beseni la maji baridi kivulini kabla sijauleta. Maji yakae kwenye beseni, nje ya mtungi. Nje ya mtungi, jirani. Haya, mkokoteni unaniita."

Nilirekodi kwa sauti yangu, chumbani, godoro limeegemezwa ukutani ili mwangwi usirudi. Sauti yangu si yake. Ya kwake ilikuwa ya chini zaidi, na lafudhi ya Kigiriama ilimvuta mwisho wa neno.

Jumamosi kipaza sauti kilitundikwa juu ya mizani. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mwenyekiti alisimama karibu nami, amekunja mikono. Punda akapiga hodi, kikaingia kimya. Moja. Mbili. Mtungi ukagongwa mahali. Tatu. Bibi mmoja, ameinama anafungua mfuniko wake, akasema bila kuinua kichwa, "Karibu." Kisha akashtuka, akatazama huku na huku, foleni yote ikaangua kicheko.

"Umemkaribisha nani, bibi?"

"Mwanaharamu wewe, nimepigiwa hodi ninyamaze?"

Hati ya pili ilipoanza, waliitikia wengi, wengine kwa mzaha, wengine si kwa mzaha. Ya tatu ilipofika kwenye "nje ya mtungi, jirani," yule mjumbe mwenye ng'ombe wawili alicheka kuliko wote. Mwenyekiti alikunjua mikono. "Kimya kibaki," alisema.

Jioni nilikwenda Frere Town kwa baba. Anaishi peke yake sasa. Nilimsalimu, nikamwekea simu mezani, sikumwambia ni nini.

"Hodi!" akasema punda.

Baba aliinua uso. Mdomo wake ukafunguka. Kabla hajatoa neno, punda alikuwa ameshasema ahsante na ameanza habari ya sindano. Baba alisikiliza mpaka mwisho, mpaka mkokoteni.

"Habari ya mtindi," alisema. "Mama yako hakusema hivyo."

"Hakujua, baba."

"Hakujua." Akatikisa kichwa polepole. "Angejua, angerudi lango kwa lango kuwaambia." Kisha akaisogeza simu kwangu kwa kidole. "Lakini huyu wako ana haraka. Mama yako alikuwa anangoja zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa natafuta kandambili zangu kwanza."

Nilifungua rekodi palepale mezani. Sikumuuliza mwenyekiti. Nilichukua kipande cha kimya kilichorekodiwa chumbani kwangu, nikakiongeza baada ya hodi, nne zikawa sita. Nikaanza upya.

"Hodi!"

Nilimtazama baba. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, macho mlangoni. Katika sekunde ya tano alisema, "Karibu mwenyewe."