Sikio la Bassou

Kwenye barabara ya mierezi juu ya mji wa Ifrane, Moroko, Bassou alikuwa na desturi ambayo wakimbiaji wenzake wa zamani waliiona ni wazimu. Kila walipofika kwenye mteremko alizima injini ya pikipiki, akaiacha iserereke nyuma ya Touda, binti aliyekuwa akimfundisha mbio, akasikiliza. Hakuangalia saa wala mikono ya binti ilivyokaa. Alisikiliza nyayo tu. Vijana wa kambi ya mazoezi walimwita fundi redio, na wengine walidiriki kumwuliza kama anapata stesheni ya Rabat. Yeye aliwatazama tu, maana mbio za mita elfu tano alizokimbia enzi zake zilimpa haki ya kutojibu watoto.

Touda alikuwa binti wa dada yake, na Bassou ndiye aliyemlea katika riadha tangu shuleni. Miaka miwili nyuma, mfupa wa muundi wake wa kushoto ulipata ufa. Wakati ule alikuwa anakimbia na viatu vya soli nyembamba, na Bassou alikuwa amesikia nyayo zikigonga lami, pa, pa, pa, akanyamaza akidhani ni baridi. Daktari wa mifupa alisema ukipasuka tena mahali palepale, binti asahau marathoni. Siku ileile Bassou alivitupa vile viatu jalalani, na Touda alipoanza tena kukimbia alimnunulia viatu vinene, vyenye povu la sponji la kutosha kulalia. Nyayo zikanyamaza. Kwenye mteremko alisikia pumzi za binti na nyani wakigombana mitini, basi. Moyo wake ukatulia kidogo, kidogo tu, maana yeye ni mtu wa kuhangaika hata akiwa anakunywa chai.

Sasa zilibaki wiki tatu kufika mbio za marathoni za Marrakesh, na ambaye angefanya vizuri huko angeitwa timu ya taifa. Ndipo Dokta Ghizlane, mtaalamu wa mwendo wa binadamu kwenye maabara ya chuo, alipowaita wapimwe. Alikuwa mwanamke wa Fes, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi.

"Karibu, Si Bassou. Leo sikio lipumzike, mashine ifanye kazi," alisema, akimwita "Si", yaani Bwana, kwa heshima ya kwao.

"Mashine yako inakula umeme, dokta. Sikio langu linakula supu ya harira tu."

Bassou alicheka alipokuwa akisema hivyo. Touda alipanda kwenye mkanda unaozunguka, amefungwa barakoa ya kupima hewa, na chini ya mkanda kulikuwa na sahani zinazopima uzito wa kila kishindo. Alikimbia kwanza na viatu vyembamba vya maabara, kisha akapumzika, kisha na vile vinene vyake. Mwendo ulikuwa uleule. Bassou alifumba macho. Kwa vyembamba alisikia makofi mepesi ya nyayo, akaukumbuka ule ufa. Kwa vinene hakusikia kitu. Akafumbua macho akiwa karibu kutabasamu.

Ghizlane hakuwa anatabasamu. Aliwaonyesha michoro miwili kwenye kioo.

"Habari njema kwanza. Kwa vinene anatumia hewa pungufu kidogo. Vyembamba ni vyepesi, na uzito mguuni hulipwa kwa pumzi, kwa hiyo ungetarajia vyembamba vishinde. Lakini bila povu, misuli ndiyo inayopokea kishindo, na kazi hiyo nayo inakula hewa. Kwake yeye, povu limeshinda."

"Alhamdulillah," Touda akasema haraka mno.

"Na mbaya?" Bassou akauliza.

"Tazama huu mwiba mwanzoni mwa mchoro, ndio nguvu ya kishindo pale mguu unapogusa chini. Kwa vinene uko juu zaidi. Zaidi kwa sehemu moja ya kumi, na unapanda kwa haraka zaidi."

"Haiwezekani. Nimesikiliza. Kimya kabisa!"

"Umesikia povu, Si Bassou. Mfupa hukuusikia." Alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko kama angefokewa. "Mguu una akili yake. Ukiukanyagisha kitu kigumu, unajilegeza, goti linapinda, unafika chini kwa adabu. Ukiupa godoro, unajikaza. Anatua na mguu kama nguzo, kwa sababu mwili unaamini godoro litamaliza kazi. Si kila mkimbiaji yuko hivyo, ila Touda ndivyo alivyo, hasa kwa mwendo wa mashindano."

"Basi turudi kwenye vyembamba. Leo hii!"

"Unataka kuniua kabisa? Vyembamba vinahamishia mzigo kwenye shavu la mguu, kwenye kano ya kisigino, kwenye vifupa vya unyayo. Ukibadilisha ghafla wiki tatu kabla ya mbio, utaniletea ufa mwingine mahali pengine. Tena sikuambii kwamba mwiba huu ndio unaopasua mifupa. Sisi wenyewe bado tunabishana. Nakuambia jambo moja: kimya cha kiatu hakikuambii chochote kuhusu muundi wake."

Miezi yote hii Bassou alikuwa akiserereka nyuma ya binti huyu kama mlinzi aliyeziba masikio. Aligeuka, akamkuta Touda anafunga kamba za viatu akiwa ameinamisha kichwa, na kamba zilikuwa zimeshafungwa.

"Touda. Vua kiatu cha kushoto."

"Mjomba, tutachelewa. Mama ameandaa chakula."

"Chakula hakitakimbia. Vua. Simama hapa, uruke kwa mguu huo mmoja, kama daktari alivyokupima ufa ule wa kwanza."

"Hapa mbele ya watu? Mimi korongo?"

"Ruka, mwanangu."

Alisimama. Ghizlane alikuwa ameacha kuchapa kwenye kompyuta yake. Touda alipinda goti, akainua mikono kidogo kama anayeanza kucheza, na mguu haukuondoka sakafuni. Alijaribu tena. Mkono ukatafuta ukuta.

"Tangu lini?" Bassou akauliza.

"Kama mwezi mmoja sasa. Inauma nikishuka ngazi. Nikikimbia inapoa, halafu usiku inawaka."

"Na hukusema? Kila asubuhi nakuuliza, mguu vipi, unasema mzima! Unajua nilivyokuwa naogopa?"

"Najua." Machozi yalimtoka sasa, bila kelele. "Mke wako aliniambia. Alisema tangu ninunuliwe hivi viatu umeanza kulala. Alisema tangu ufa ule hukuwa unalala, unaamka unazunguka uani. Nikasema nikikwambia nitakuamsha tena. Nikasema ngoja nifike Marrakesh kwanza."

Bassou alipiga magoti kwenye sakafu ile ya baridi, magoti yakimlia, akaweka kidole gumba kwenye muundi, akakishusha taratibu mpaka Touda akavuta pumzi kwa maumivu. Palepale pa ule ufa wa zamani. Mahali palikuwa pamevimba kidogo, pa moto, na sikio lake halikuwa limesikia hata siku moja.

"Nampigia daktari wa picha za mifupa," Ghizlane akasema kwa sauti ya chini. "Kama ni uvimbe tu wa mfupa na haujapasuka, tumewahi. Lakini Marrakesh hakuna, Si Bassou."

"Hakuna," akaitikia.

Touda aliziba uso. Bassou aliendelea kupiga magoti, mkono umeukumbatia ule muundi, akiogopa kuuachia.